Michirizi ya taa barabarani usiku: nini kinafaa kuvutika, nini lazima kikae shapu, na picha ikiharibika utajuaje kosa liko wapi

Mpwa wangu wa Lamu alikuja Malindi mwezi wa saba na kamera yake, manake kule kisiwani gari za kupiga picha utazitoa wapi, ni punda na mashua tu, akataka apige ile picha ya barabara usiku ambapo gari hazionekani ila taa zake zimekuwa mistari mirefu myekundu na myeupe. Akapanda juu ya paa la nyumba moja inayoangalia barabara ya Mombasa, akapiga kama picha arobaini, akarudi kwangu uso umemshuka. "Mjomba, zote zimekufa." Nikaziangalia moja moja, na kusema kweli hazikuwa zimekufa, zilikuwa zinaongea, kila kosa lilikuwa limejiandika pale pale kwenye picha. Nitaichukua moja tu kati ya zile tuitibu mpaka ipone. Hiyo ilipigwa sekunde 8, f/4, ISO 400. Hiyo f ni tundu la lenzi, namba ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo, na ISO ni jinsi kamera inavyokuza mwanga inaoupokea.

Kwanza tukubaliane picha nzuri ya aina hii inakuwaje, manake wengi wanaita kosa kitu ambacho si kosa, na kosa lenyewe wanalipita.

Vitu vya kuvutika ni taa za gari basi. Taa za mbele zinatoa mstari mweupe, za nyuma mwekundu, indiketa inatoa vipande vipande vya rangi ya chungwa. Bodi ya gari haivutiki, inapotea kabisa, kwa sababu haikukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Nguzo, ukuta, kibao cha barabarani, rangi ya chokaa kwenye ukingo wa lami, shina la mnazi, gari iliyopakiwa, hivi vyote vinatakiwa vikae shapu kiasi kwamba ukikuza picha unasoma maandishi ya duka. Halafu kuna kundi la katikati ambalo halikusikilizi wewe: makuti ya mnazi, mawingu, bendera, nguo iliyoanikwa, mtu aliyesimama anaongea na simu. Hao watavutika kidogo kulingana na upepo na subira yao, na hiyo ni sawa mradi shina liko shapu. Kwa hiyo ukiona majani yamekuwa kama moshi usikimbilie kulaumu tripodi, angalia shina kwanza.

Sisi huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukisimama unaitazama barabara inavyokwenda mbele yako, gari zinazokuacha ziko kushoto kwako na zinazokujia ziko kulia. Mwekundu kushoto, mweupe kulia. Ukijua hilo unaweza kupanga fremu kabla giza halijaingia.

Dalili: hata nguzo imevurugika

Hii ndiyo ya kwanza kuangaliwa, manake ikiwepo zingine hazina maana. Kuza picha utafute taa moja isiyotembea, taa ya nguzo au balbu ya dukani mbali, uangalie umbo lake. Hiyo nukta moja itakwambia karibu kila kitu.

Kama nukta imekuwa duara kubwa laini, kama sarafu, basi kamera ilitulia ila fokasi imekosea. Gizani kamera ikiachiwa itafute yenyewe inahangaika, mara inashika mbele mara nyuma, mwisho inapiga popote. Dawa yake ni kufunga fokasi ya otomatiki kwenye lenzi, weka MF, yaani ya kuzungusha kwa mkono, washa picha kwenye skrini ya nyuma, ikuze mpaka mwisho juu ya taa moja ya mbali, halafu zungusha pete ya fokasi pole pole mpaka ile taa iwe ndogo kabisa. Usizungushe tu mpaka pete igote ukadhani huko ndiko mbali kabisa, lenzi nyingi zinapita pale kidogo na utarudi nyumbani na sarafu.

Kama nukta ziko mbili, au ina mkia mfupi, kamera ilisogea mara moja. Huo mara nyingi ni mkono wako ulipobonyeza. Weka taima ya sekunde 2, au bora 10 kama tripodi yako ni ile nyepesi, inayumba muda mrefu baada ya kuguswa.

Na kama nukta imekuwa kama maandishi ya mtoto, kamstari kanakozunguka zunguka, basi kuna kitu kilikuwa kinatetemesha kamera muda wote. Hii ndiyo ilikuwa ya mpwa wangu. Tukaenda juu tukatafuta chanzo. Cha kwanza, lenzi yake ina swichi ya kutuliza mkono, kwa Canon imeandikwa IS, kwa Nikon VR, kwa Sony OSS, na alikuwa ameiacha imewashwa. Ile kazi yake ni kufidia mkono unaotikisika, sasa ukiiweka juu ya tripodi hakuna mkono, lenzi zingine hasa za zamani zinaanza kutafuta mtikisiko ambao haupo na kuutengeneza zenyewe. Zima. Cha pili kilikuwa pampu ya maji, tangi liko hapo hapo juu ya paa na pampu inanguruma, ukiweka kiganja sakafuni unausikia. Tukamwomba mwenye nyumba aizime nusu saa. Cha tatu kusi yenyewe, mwezi wa saba kule juu inapiga vilivyo na ule mkanda wa kamera ulikuwa unapepea kama tanga. Vua mkanda. Ile nguzo ya katikati ya tripodi usiipandishe kabisa, fungua miguu upana, ning'iniza begi katikati lakini liguse chini kidogo lisibembee.

Kwa sababu hiyo hiyo mimi siwashauri watu kupigia picha juu ya daraja la Sabaki hata kama mandhari yanavutia, lori likipita daraja lote linatetemeka na muda wa lori kupita ndio huo huo unaotaka taa zake. Toka darajani, simama kwenye ardhi ya pembeni, mbali na lami, na mwenzako wa kuangalia nyuma.

Kuna dalili moja inafanana na hii na watu wanaichanganya sana: nguzo iko shapu lakini mistari ya taa ina mawimbi. Hapo kamera haina kosa lolote. Ni barabara, gari imepita kwenye kishimo au tuta ikaruka, na taa ikachora mruko wake. Utaona mawimbi yanatokea mahali pale pale kwa kila gari. Ukiyachukia hamisha fremu, mimi binafsi nayapenda, yanaonyesha barabara ilivyo.

Dalili: mistari imekuwa myeupe mizito kama mirija ya chokaa, hata ile ya nyuma haina wekundu

Hapa ndipo pana jambo ambalo nikilieleza vizuri mengine yanakuwa mepesi, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Watu wakiona mistari imeungua wanapunguza sekunde. Mpwa wangu alipunguza kutoka 8 hadi 4, mistari ikabaki myeupe vile vile ila mifupi, na nyumba zikawa giza. Akazidi kuchanganyikiwa. Sababu ni hii: ukuta wa nyumba unakaa mahali pamoja, kwa hiyo kila sekunde unayoongeza unazidi kumwaga mwanga wake kwenye kamera, sekunde 20 ni mwanga mara mbili ya sekunde 10. Lakini taa ya gari inayotembea haikai. Inapita kila sehemu ya picha kwa kitambo kidogo sana kisha inasonga, na kile kitambo ni kile kile ukiwa umefungua sekunde 5 au 30. Ukiongeza muda mstari unarefuka, haung'ai zaidi. Mng'ao wa mstari unaamuliwa na tundu la lenzi, na ISO, na jinsi taa inavyokatiza fremu yako kwa haraka au kwa pole.

Maana yake una mishikio miwili tofauti. Mistari ikiungua, bana tundu la lenzi au shusha ISO. Nyumba na barabara zikiwa giza, ongeza sekunde. Usivichanganye.

Kuna kikomo chake, gari kumi zikifuatana kwenye njia ile ile mistari yao inapandiana na mwanga unajumlika, kwa hiyo siku ya foleni nene bana zaidi kidogo. Na gari ikipunguza mwendo au kusimama, taa zake zinaungua hapo iliposimama hata kama kwingine kote ziko sawa.

Tukairudia picha yake. ISO kutoka 400 hadi 100, hiyo ni robo ya mwanga. Tundu kutoka f/4 hadi f/11, hiyo inakata karibu mara nane. Ukizidisha, mistari imepungua mng'ao kama mara 32, na hapo hapo wekundu ukarudi, ukiangalia vizuri unaona hata taa mbili za nyuma za lori zimeachana kila moja na mstari wake, mwanzo zilikuwa zimeungana donge moja. Na zawadi juu yake, ukibana hivyo taa za nguzo zinatoa miale kama nyota. Usiende mpaka f/22 ukidhani nyota itakuwa nzuri zaidi, tundu likiwa dogo hivyo picha nzima inaanza kulegea, mimi naishia f/11, nikilazimika sana f/16.

Dogo likabaki: kule mwisho wa barabara, zinakotokea gari, kulikuwa na donge jeupe halitoki hata ubane vipi. Hilo linatokana na pembe. Gari iliyo mbali ikikujia uso kwa uso, taa zake kwenye picha karibu hazisogei, zimekaa pale pale zinamimina mwanga kwako sekunde zote, tena wengine wamewasha fulu. Dawa yake ni miguu, si setingi. Sogea pembeni ili barabara ikatize fremu kwa mshazari, au jificha ili nyumba au mti uzibe ule mwisho, au subiri zamu ya gari zinazoondoka tu. Sisi tulisogea upande wa pili wa paa na mwarobaini ukalifunika donge lote.

Dalili: mistari imekatika katikati ya barabara

Hii ni hesabu ndogo. Angalia barabara unayoiona ndani ya fremu ina urefu gani, gawa kwa mwendo wa gari. Pale tulipokuwa tulikadiria mita 250, na gari mjini zinakwenda kama kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Mita 250 gawa kwa 14 unapata kama sekunde 18. Kwa hiyo weka 20, na ubonyeze kabla gari halijaingia kwenye fremu, si likiwa tayari katikati, na ukumbuke zile sekunde za taima. Tuktuk yenye kilomita 30 kwa saa inahitaji sekunde 30 kwa kipande kile kile, ndio maana hapa Malindi utapata picha yenye mistari ya gari imekamilika na ya tuktuk imeishia njiani. Chagua unamfuata nani.

Sekunde 8 za mpwa wangu zilikuwa zinampa mita 110 hivi, chini ya nusu ya barabara yake. Basi.

Kwa hiyo tukawa na sekunde 20, f/11, ISO 100. Mistari safi, mirefu, ina rangi. Lakini nyumba sasa zimekuwa giza, na yeye mkono ukaenda moja kwa moja kwenye tundu la lenzi aifungue. Nikamshika. Nyumba giza ongeza sekunde, tukaenda 30, nyumba zikatoka na mistari haikubadilika mng'ao, ila zikaongezeka gari zingine mbili. Kamera nyingi zinaishia 30, ukitaka zaidi kuna Bulb, ambapo shata inakaa wazi mpaka uiachie mwenyewe, na rimoti, lakini huku kwetu kuna njia bora, nayo ni saa. Usingoje giza nene. Jua likitua, ukishaswali maghribi, una kama robo saa mpaka nusu saa mbingu bado ina buluu na nyumba zina umbo, huku watu wameshawasha taa. Ikweta hatuna machweo marefu, ukichelewa kunywa chai imeisha. Kesho yake tulipiga muda huo na hatukuhitaji kuongeza chochote.

Dalili: mistari ina vidoti vidoti

Usishtuke, angalia vidoti vya aina gani. Vya rangi ya chungwa vilivyoachana sana ni indiketa. Vidogo vidogo vyekundu vimepangana sawasawa kama ushanga, tena kwa baadhi ya gari tu, hizo ni taa za LED, nyingi zikipunguzwa mwanga zinazimwa na kuwashwa haraka mno jicho halioni, lakini taa ikitembea kila kuwaka kunaangukia mahali pake. Huwezi kuvizuia. Ila kama mapengo yako kwenye mistari yote, myeupe na myekundu, hapo ujue picha haikupigwa mara moja, simu au programu imeunganisha picha nyingi fupi na kati ya moja na nyingine kulikuwa na kupumzika. Kwenye kamera punguza kile kipumziko kiwe kifupi kabisa.

Wenye simu na nyie mna dalili yenu: umewasha hali ya usiku, picha imetoka angavu na gari hazina mstari wowote. Ile hali ya usiku nyingi inafanya kazi kinyume na unachotaka, inajitahidi kuondoa vinavyotembea. Tafuta hali ya `Pro` uweke sekunde mwenyewe kama simu yako inayo, au kwenye aifoni piga `Live Photo` halafu kwenye Photos chagua `Long Exposure`, lakini hiyo inachukua kama sekunde 3 tu kwa hiyo itakupa mistari mifupi, inafaa gari iliyo karibu.

Dalili: kila taa ina ukungu kuizunguka

Hii ni ya sisi watu wa pwani. Umetoka chumba chenye eesi, umepanda juu, lenzi ni baridi na hewa ina maji, kioo kinapata jasho. Picha ya kwanza nguzo shapu, ya tatu kila kitu kina shungi la mwanga. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa nje kabla ya kuitoa. Na hata bila jasho kuna chumvi, upepo wa bahari unaweka utando kwenye kioo bila wewe kujua, mulika lenzi kwa tochi ya simu kwa ubavu utauona. Upulize vumbi kwanza, halafu kitambaa safi chenye unyevu kidogo, usisugue chumvi kavu. Na kama una kile kioo cha kukinga mbele ya lenzi kivue usiku, hicho ndicho kinachokupa zile taa za uongo zimepinduka zinaelea angani.

Dalili: umepiga, kamera imeganda

Umepiga sekunde 30 na skrini inasubiri sekunde 30 zingine. Haijaharibika, usitoe betri. Ni `Long Exposure NR`, kamera inapiga picha ya pili gizani, shata imefungwa, ili iondoe vile vinukta vya rangi vinavyoletwa na joto. Usiku wa Malindi una joto na vinukta ni vingi, kwa hiyo mimi naiacha iwashwe gari zikiwa chache, na foleni ikija naizima nisikose basi.

Likabaki moja, ambalo mpwa wangu hakulikubali: mnazi ulio kulia mwa fremu, shina shapu kabisa, makuti kama moshi. Nikamwambia hilo kwa sekunde 30 na kusi hulitoi. Unaweza kupiga picha ya pili hapo hapo bila kugusa tripodi, ISO 3200 na f/4 kwa kama moja ya nane ya sekunde, upepo ukipumua, ukachukua yale makuti tu ukayapandikiza kwenye kompyuta, ingawa yatakuwa na chembechembe. Au ungoje saa ambayo upepo wenyewe unalala. Tukapanda tena baada ya swala ya alfajiri, mbingu inaanza kupauka, pampu imezimwa, lori mbili na basi moja zinaingia kutoka Mombasa. Sekunde 25, f/11, ISO 100. Makuti yalikaa, unayahesabu.